Duka la kushona, sola na pasi: kwa nini betri ya pili haitakusaidia

"Nina duka la kushona kwenye senta karibu na Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda. Nguzo za umeme ziliishia barabara kuu, kwetu hazijafika. Mwaka jana niliuziwa paneli moja ya wati 200, betri moja ya jeli ya ampea 100 na inveta iliyoandikwa wati 1000. Nina cherehani kubwa moja ya mota, ovaloki ndogo, mbili za miguu, taa nne na pasi ya wati 1000. Mwanzoni mambo yalikuwa sawa. Sasa nikiwasha pasi, inveta inalia na kuzima, na jioni betri inaisha kabla ya saa mbili. Fundi ananiambia niongeze betri ya pili. Je, ni kweli? Au pasi haifai kabisa kwa sola?"

Dada, hiyo hela ya betri ya pili iweke kwanza. Pasi inafaa kwa sola, na nimefunga sola kwenye maduka ya kushona yanayopiga pasi kila siku bila shida. Lakini pasi inataka kulishwa na paneli, mchana, jua likiwa juu. Ukiilisha kwa betri, utakuwa unanunua betri kila mwaka.

Una matatizo mawili, na fundi wako ameyachukulia kuwa moja. Inveta kulia pasi inapowaka ni tatizo la nguvu ya papo hapo, yaani umeme mwingi unaopita kwa wakati mmoja. Betri kuisha jioni ni tatizo la hesabu ya siku nzima: unatumia kingi kuliko kile paneli inachoingiza. Nianze na la kwanza, kwa sababu unaweza kulipima leo hii kwa mita ya kupimia volti, ambayo kila fundi wa umeme anayo.

Pasi ya wati 1000 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 83. Inveta nayo inapoteza kidogo njiani, kwa hiyo kutoka kwenye betri zinatoka ampea zipatazo 93. Hizo ni nyingi mno kwa betri ya ampea 100. Maandishi "ampea 100" ubavuni mwa betri yanahesabiwa kwa kutoa umeme polepole, kwa saa 10 au 20. Ukiivuta kwa ampea 93, betri ya jeli au ya asidi haitoi hata robo tatu ya hicho kilichoandikwa, na volti zake zinashuka papo hapo, hata kama ilikuwa imejaa asubuhi. Inveta nyingi za volti 12 zimewekwa zipige kelele zikiona volti 11 hivi, na zijizime kwenye 10.5 ili kuilinda betri. Kwa hiyo inveta yako inapojizima inafanya kazi yake.

Sasa angalia nyaya kati ya betri na inveta. Ningekuwa dukani kwako, hapo ndipo ningeanzia. Mara nyingi nakuta waya wa milimita 6 za mraba, ule unaotumika kwa jiko la umeme, umevutwa mita mbili kutoka betri iliyowekwa kwenye kona hadi inveta iliyotundikwa ukutani. Umeme unakwenda mita mbili na kurudi mita mbili, jumla mita nne. Kwa ampea 93, waya huo peke yake unakula zaidi ya volti 1. Betri ikiwa na 11.6, inveta inaona 10.5 na inazima. Waya wa milimita 25 za mraba kwa urefu uleule ungekula chini ya volti 0.3.

Kipimo chenyewe ni hiki. Washa pasi. Mtu mmoja aweke mita kwenye vichwa vya betri na kusoma volti, kisha aihamishie haraka kwenye vichwa vya inveta. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, waya ni mwembamba au viungo vimelegea. Gusa pia viungo baada ya kuzima: kiungo chenye joto kimelegea au kimeshika kutu. Lakini kama volti kwenye vichwa vya betri yenyewe zinaanguka hadi chini ya 11 mara tu pasi inapowaka, na jua lilikuwa limeichaji vizuri, basi betri imechoka.

Kuna jambo la tatu hapo. Inveta nyingi za bei nafuu zikiandikwa "1000W" zina maana ya nguvu ambayo zinaweza kuistahimili kwa sekunde chache, na kazi ya kuendelea ni nusu yake. Soma kijitabu au kibandiko cha nyuma utafute nguvu ya kuendelea. Kama ni 500, inveta yako haikuwa ya pasi tangu siku uliyoinunua.

Tuje kwenye hesabu ya siku, na hapa kuna kitu ambacho wenye maduka ya kushona wengi hawakitegemei. Kila mtu anailaumu pasi, kumbe mara nyingi mlaji mkubwa ni mota ya ile cherehani kubwa.

Kama cherehani yako ni ile ya kiwandani ya kawaida, chini ya meza kuna mota nzito ya klachi ya wati 400 hivi. Ukiwasha swichi, mota inaanza kuzunguka na haisimami. Ukikanyaga pedali, klachi inashika na sindano inakwenda. Ukiachia, sindano inasimama lakini mota bado inazunguka chini yako, inakula karibu wati 200. Mteja anaingia, mnazungumza juu ya gomesi yake robo saa, mota inakula. Unatafuta mkasi, inakula. Sindano yenyewe haifanyi kazi zaidi ya theluthi moja ya muda. Kwa saa 6 za swichi kuwa wazi, mota hiyo inamaliza wati-saa 1300 hivi.

Pasi ya wati 1000 nayo haivuti wati 1000 muda wote. Inavuta zote kwa dakika chache za kupata moto, kisha swichi yake ya joto inakata na kurudisha, inakata na kurudisha, ile taa nyekundu unaiona. Ukiwa unapiga pasi kwa bidii kwenye pamba yenye unyevu kidogo, inakuwa wazi karibu nusu ya muda. Kwa hiyo saa 2 za kupiga pasi ni kama wati-saa 1000. Ovaloki ndogo kwa saa 2 ni 200. Taa nne za LED za wati 9 kwa saa 4 ni 144. Simu na redio, weka 50. Jumla inakaribia 2700 kwa siku.

Paneli yako ya wati 200 inaleta nini? Kwa nchi yetu siku ya kawaida hesabu saa 5 za jua kamili. Yaani jua la kutwa, ukilikusanya lote, ni sawa na saa 5 za jua kali la adhuhuri. Lakini paneli ikipata joto inapungua nguvu, vumbi linakula, betri inakula, inveta inakula. Kinachofika kwenye soketi ni kama asilimia 65, nacho ni wati-saa 650. Unaingiza 650, unataka kutoa 2700. Mwanzoni ilikuwa sawa kwa sababu betri ilikuja imejaa, tena huenda kazi zilikuwa chache. Tangu hapo imekuwa ikishuka, na betri ya jeli inayolala bila kujaa siku baada ya siku inaharibika ndani na kupunguza uwezo wake, hata kama ni ya kiwanda kizuri.

Ndiyo maana betri ya pili haitakusaidia. Betri ni mtungi tu, hailetei maji. Ukiweka mitungi miwili chini ya bomba linalotona, utakuwa na mitungi miwili isiyojaa. Na kuna ubaya zaidi wa kuunganisha betri mpya na iliyochoka: hazigawani kazi sawa, ile nzee inaburuta mpya, na baada ya miezi michache zote mbili ni mbovu. Betri mpya ziungane na wenzake wa umri, aina na ukubwa uleule, zikiwezekana kutoka kwenye boksi moja.

Kabla ya mabadiliko yoyote, jua kama ulivyouziwa ni vya kweli. Betri ya kweli ya jeli ya volti 12 na ampea 100 ina uzito wa kilo 28 hadi 30 hivi. Ipeleke kwa muuza mahindi mwenye mizani. Ikiwa kilo 18, umeuziwa jina. Paneli ya kweli ya wati 200 ina ukubwa wa takriban mita moja ya mraba, kwa sababu kila mita ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hivi katika jua kali. Ikiwa ni nusu ya hapo, maandishi ya nyuma hayana maana. Halafu iache betri ichajiwe ijae, uzime kila kitu kwa saa kadhaa, upime: iliyo nzima husoma 12.7 au 12.8. Kisha washa taa zako nne tu. Zinavuta ampea 3 hivi, kwa hiyo betri nzima ingeziwasha usiku kucha bila hata kufika nusu. Ikianguka chini ya volti 12 baada ya saa 3 au 4, imekwisha, na usiihesabu kwenye mpango wowote wa cherehani.

Sasa nini cha kufanya. Ningeanza na mota, kabla ya kugusa paneli. Maduka yanayouza vipuri vya cherehani Kampala, na siku hizi hata miji ya mikoani, yana mota za kisasa ambazo wauzaji huziita sevo. Hufungwa palepale chini ya meza ilipokuwa ya klachi, hutumia mkanda uleule, na husimama kabisa ukiondoa mguu. Huandikwa wati 550, jambo linalowatisha watu, lakini hizo huvutwa tu unapoanza kwa kasi kwenye kitambaa kizito. Wastani wake kwa siku ya kushona ni kama wati 60. Saa 6 zilezile zinageuka kuwa wati-saa 360 badala ya 1300. Hizo ni zaidi ya wati-saa 900 kwa siku unazookoa bila kuongeza paneli. Faida nyingine ni kwamba mota ya klachi ikianza kuzunguka inavuta mara 5 au 6 ya nguvu yake ya kawaida kwa muda mfupi, na huo mshituko ndio unaoangusha inveta nyingi. Ya sevo inaanza pole.

Angalizo moja: mota, ya klachi au ya sevo, inataka inveta ya wimbi safi. Inveta za wimbi la kukatakata zinaifanya mota ya klachi iungurume na kuchemka, na zinaweza kuua bodi ya sevo. Pasi haijali wimbi, kwa hiyo pasi kuwaka vizuri hakuthibitishi kwamba inveta inafaa kwa cherehani.

Baada ya mota, hesabu yako inashuka hadi 1750 hivi. Ningekushauri uitenganishe. Ile paneli ya wati 200 na betri ya zamani, hata kama imechoka kidogo, ziachie taa, redio na simu tu, ukitumia balbu za volti 12 zisizopitia inveta. Mahitaji hayo hayafiki 200 kwa siku na paneli inaleta zaidi ya mara tatu ya hapo, kwa hiyo betri hiyo itajaa kila siku na kuishi muda mrefu. Uzuri mwingine ni kwamba hata pasi ikila umeme wote wa upande wa pili, duka halibaki gizani mteja akiwa ndani.

Upande wa cherehani na pasi ujengwe upya kwa volti 24. Kwa volti 24 ampea zote zinakuwa nusu: pasi ileile inavuta 46 badala ya 93, na waya unapumua. Paneli mbili za wati 450 zinatosha. Siku nzuri zitaleta kama wati-saa 3100, siku ya mawingu ya wastani karibu 1900, na wewe unahitaji 1550 pamoja na 200 hivi ambazo inveta yenyewe hula kwa kukaa tu wazi. Umeona kwamba nimepima kwa siku mbaya. Anayepima kwa siku nzuri anashona mwezi wa kwanza na kulia mwezi wa kumi.

Paneli hizo mbili ziungwe sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Ukiziunga kwa mfululizo, volti zake bila mzigo zinakaribia 100, na vidhibiti chaji, vile visanduku vinavyokaa kati ya paneli na betri, vingi vya bei ya kati mwisho wake ni 100. Asubuhi ya baridi kutoka Rwenzori volti za paneli hupanda zaidi, na kidhibiti kinaungua hata kabla ya chai. Kwa sambamba, kidhibiti cha MPPT, ile aina inayojua kukamua nguvu yote ya paneli, cha ampea 40 kinatosha. Inveta iwe ya wimbi safi, volti 24, wati 2000 za kuendelea.

Kwa betri, una njia mbili. Betri ya lithiamu (soma iwe LiFePO4) ya volti 24 na ampea 100 unaweza kuitumia hadi asilimia 80 bila kuiumiza, inastahimili kuvutwa na pasi, na inakubali chaji yote ya paneli mbili. Ni ghali siku ya kununua. Betri mbili za jeli za ampea 100 kwa mfululizo ni nafuu, lakini utumie nusu yake tu, na zisichajiwe kwa zaidi ya ampea 20 hadi 25, wakati paneli zako adhuhuri zinaweza kutoa zaidi ya 30. Ukichagua jeli, nunua za ampea 200. Mimi, kwa duka lenye pasi, ningesubiri miezi kadhaa nikusanye hela ya lithiamu. Lakini kama mkopo wa kikundi chenu una riba kubwa, jeli nzuri ya ukubwa sahihi haikudhuru.

Na kama hela yote hiyo haipo? Basi usijenge nusu. Nunua mota ya sevo na inveta ndogo ya wimbi safi, ongeza paneli ya pili inayofanana kabisa na ile ya 200 ukiunga sambamba, hakikisha kidhibiti ni cha ampea 30, na upige pasi kwa mkaa. Betri ikishinda kile kipimo cha taa, hesabu itafunga. Lakini ujue ukija kujenga mfumo wa volti 24, paneli hizo ndogo hazitaingia humo. Pasi ya mkaa si aibu, ila iwashwe nje hadi mkaa ushike, na itumike karibu na dirisha lililo wazi, maana moshi usioonekana wa mkaa huua kwenye chumba kilichofungwa. Na usiipitishe juu ya poliesta bila kitambaa cha kuzuia cheche.

Sasa mpangilio wa kazi. Hata mfumo mzuri huvunjwa na mazoea ya dukani. Mazoea mabaya kuliko yote ni kuacha pasi wazi tangu asubuhi "ili iwe tayari". Pasi iliyosimama kwenye meza bila kazi inaendelea kula ili kulinda joto lake, na kwa kutwa nzima hicho kinaweza kufika kiasi kilekile ulichokitumia kunyoosha nguo.

Anza kwa kujua jua lako. Saa ya Uganda inafuata mstari ulio mashariki yetu sana, kwa hiyo upande wa Kasese jua linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Dirisha lako la pasi ni kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Kabla ya hapo nguvu ya paneli bado ni ndogo na betri inarudisha kile ulichokula jana jioni. Karibu saa 5, siku ya jua, betri inakaribia kujaa, na hapo kidhibiti kinaanza kuzibana paneli. Jua linapiga bati lako bure. Huo umeme unaotupwa ndio wa pasi. Kwenye skrini ya kidhibiti utaona wati za paneli zikishuka ingawa jua ni kali. Hiyo ndiyo ishara ya kuchomeka pasi. Utaona wati zinaruka juu mara moja.

Katika dirisha hilo paneli zako mbili zitakuwa zinaleta wati 600 na ushee kwenye soketi. Pasi inavuta 1000 ikiwa wazi, sifuri ikiwa imekata, wastani 500. Betri inajazia pengo kwa sekunde chache, na sekunde zinazofuata inarudishiwa. Mwisho wa saa nzima ya kupiga pasi, betri iko palepale ilipokuwa. Pasi ileile saa 1 usiku ingekula wati-saa 500 zote kutoka kwenye betri, zisirudi hadi kesho.

Tuseme umepata oda ya mashati 20 ya shule. Watu wengi hushona shati moja hadi mwisho, wakipiga pasi kola, kisha mifuko, kisha shati zima, halafu wanaanza lingine. Pasi inakuwa wazi kutwa. Wewe gawa kazi kwa hatua. Siku ya kwanza asubuhi, kuanzia saa 2, kata zote na ushone kola na mifuko ya mashati yote. Cherehani ya sevo inakula kidogo, jua la asubuhi linaiweza. Saa 5 na nusu chomeka pasi, nyoosha kola zote 20 na mifuko yote 20 mfululizo, chomoa. Alasiri ziunganishe na kupitisha ovaloki. Jioni, kwa taa za upande ule wa zamani, fanya kazi za mkono: vifungo na pindo. Siku ya pili saa 6 mchana piga pasi ya mwisho, mashati yote. Kwa dakika 5 kila shati ni saa 1 na dakika 40, unamaliza kabla ya saa 8, na betri ina muda wa kujaa tena kabla jua halijazama. Dakika mbili za mwisho chomoa pasi na umalizie shati kwa joto lililobaki. Chuma chake kinahifadhi moto kuliko watu wanavyodhani.

Sheria yangu kwa wasaidizi wa dukani ni moja: pasi inapopata moto kwa mara ya kwanza, ovaloki inasubiri. Hizo dakika tatu au nne pasi haikati kabisa. Ikishaanza kukata na kurudisha, shoneni. Na baada ya saa 9 pasi hairudi kwenye soketi ila kwa mteja aliyesimama mlangoni na nguo moja. Wekeni pia waya wa pasi kwenye soketi yake yenyewe, usipitie kwenye ile ekstensheni nyembamba yenye simu tano.

Nguo ikiwa mbichi, pasi inatumia nguvu nyingi kukausha maji kabla haijanyoosha chochote. Nyunyizia kidogo kwa chupa, usiloweshe. Na usishawishike na pasi kubwa za mvuke za wati 2000 na zaidi. Mfumo huu haujajengwa kwa ajili yake.

Msimu wa mvua ndio mtihani. Januari na Februari, sare za muhula wa kwanza zinapokuja kwa wingi, jua huwa lipo. Muhula wa tatu unafunguliwa Septemba, mvua zetu zikiwa zimeshika, na oda ni zilezile. Siku kama hizo angalia betri saa 5: kama haijavuka asilimia 60, ahirisha pasi hadi saa 7 uone. Ikiwa bado, toa pasi ya mkaa. Usiitupe ile ya mkaa hata ukifunga sola kubwa namna gani. Siku ya mawingu ya kutwa, cherehani itaendelea kushona bila tatizo kwa sababu ya sevo. Kinachokwama ni pasi tu.

Paneli zilazwe na mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Sisi tuko juu ya ikweta, kwa hiyo kuelekea kaskazini au kusini hakuleti tofauti kubwa. Kivuli ndicho kinacholeta. Tawi moja la mwembe linalofunika kona ya paneli kuanzia saa 6 linaweza kukata sehemu kubwa ya umeme wake wote, si ile kona tu. Simama nje saa 5, saa 7 na saa 9 uangalie kabla mtu hajatoboa bati.

Kupima volti na kupanga kazi utafanya mwenyewe. Kuunga volti 24 mpya, hapana. Mtafute fundi mwenye kibali cha ufungaji kutoka ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, umwombe akuonyeshe hicho kibali, na uhakikishe anaweka fyuzi ya umeme wa betri, ampea 125 kwa inveta hiyo, karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Anayekuambia fyuzi si lazima, mlipe nauli arudi kwao. Nyaya za betri hadi inveta ziwe za milimita 25 za mraba au zaidi na zisizidi mita moja na nusu. Awaunganishie ardhi pia, kwa sababu pasi ya chuma mkononi mwa mtu mwenye vidole vyenye maji ni hatari.

Na kuna mambo ambayo ukiyaona hutakiwi kusubiri hadi wiki ijayo: betri imevimba ubavu, kuna harufu ya plastiki inayoungua au ya mayai yaliyooza, waya wa betri una joto la kuuma mkono, au pasi inakupiga shoti hata kidogo. Zima inveta, chomoa kila kitu, usiiguse betri, mpigie fundi siku hiyohiyo. Vitambaa na nyuzi zilizojaa dukani kwako hushika moto haraka sana, kwa hiyo betri na inveta zikae mbali na marobota, kwenye ubao usio na nguo juu yake, mahali hewa inapopita.

Ukishapima zile volti mbili, za kwenye betri na za kwenye inveta pasi ikiwa inawaka, niandikie namba zake pamoja na maandishi ya kibandiko cha mota. Kwa hizo nitakuambia kama inveta uliyonayo inafaa kubaki, au nayo iende na mota ya klachi.